Kopo la tisa: kupanga njia za kuuzia vipodozi vyetu hapa Dodoma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya watengenezaji wadogo wa vipodozi na sabuni jijini Dodoma, ikaandikwa baadaye pamoja na swali moja kutoka ukumbini.)

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Mwenyekiti amenitaka nizungumzie soko. Nimemwomba anipunguzie, kwa sababu soko ni pana na muda ni mfupi. Nitazungumzia kopo moja tu, hili hapa mkononi mwangu: mafuta ya mgando ya ubuyu na nta ya nyuki, gramu 100. Kopo hili nimeliuza kwa njia nne. Nimekaa nyuma ya meza kwenye mnada, nimewapelekea wenye maduka, nimeliuza kwa simu kupitia mitandao, na nimewapa mawakala watembee nalo. Kila njia ilinionyesha faida kwenye karatasi. Nilipoanza kuandika kila shilingi inayotoka, na kila saa ninayotumia, nikaona kopo ni lile lile lakini linarudi nyumbani na fedha tofauti kabisa.

Tuanze na gharama yake, maana asiyejua kopo limemgharimu kiasi gani hawezi kuchagua njia yoyote. Ndani mna gramu 65 za mafuta ya alizeti, gramu 15 za mafuta ya ubuyu na gramu 20 za nta. Pamoja na vitamini E na harufu kidogo, vilivyomo ndani vinanigharimu 1,500. Kopo na mfuniko ni 600, lebo 200, karatasi ya kuziba pamoja na boksi la kubebea 100. Gesi, umeme na malipo ya binti anayenisaidia kujaza na kubandika ni 600. Jumla 3,000. Bei iliyoandikwa kwa mteja ni 7,000. Wengi wetu tukifika hapo tunasema faida ni 4,000, tunafunga daftari. Lakini hiyo 4,000 ndiyo itakayolipa njia ya kumfikia mteja, na swali langu leo ni nani anakula kiasi gani, na anairudisha lini.

Nianze na meza, kwa sababu ndiko nilikoanzia. Jumamosi ninakwenda mnada wa Msalato. Siku moja ya mnada inanigharimu hivi: bajaji ya kwenda na kurudi na maboksi, ushuru, chakula, kijana wa kunisaidia, na siku yangu mwenyewe ambayo ninaihesabu kwa 15,000. Wengi hamuihesabu siku yenu. Iandikeni, kwa sababu siku hiyo ungeweza kukaa nyumbani ukapika makopo mengine. Vyote vikijumlishwa vinafika 30,000. Bei ya mnadani ni ya kupatana. Naanza 7,000, naishia 6,500, na chini ya hapo siendi. Kwa hiyo kila kopo linaniachia 3,500 juu ya gharama ya kulitengeneza. Gawanyeni 30,000 kwa 3,500. Inakuja nane na kitu. Maana yake makopo manane ya mwanzo yote yanalipa bajaji, ushuru, kijana na siku yangu. Kopo la tisa ndilo la kwanza kunilipa mimi.

Tangu nilipoijua namba hiyo nimeacha kuuliza kama mnada ulichangamka. Ninauliza saa ngapi nimeuza kopo la tisa. Likitoka kabla ya saa sita mchana, siku ni nzuri, na mara nyingi nitafika 20. Hapo kila kopo limebeba 1,500 ya gharama ya meza na kuniachia 2,000. Ikifika saa tisa alasiri niko kwenye kopo la sita, najua leo nimetoka kutangaza tu. Kutangaza si vibaya, ila nisijidanganye kwamba nimefanya biashara.

Meza ina jambo moja ambalo njia nyingine hazina: unamwona mteja akilifungua kopo. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia mafuta ya nazi mengi na nta kidogo. Nyumbani mchana, ndani ya nyumba yenye kivuli, kopo lilikuwa zuri. Oktoba nikaliweka juani Msalato. Ninyi mnalijua jua la Dodoma la Oktoba. Mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na nta yenyewe huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Nta ikiwa chache haiwezi kuyashikilia mafuta. Mama mmoja akafungua, akakuta supu. Akalifunga taratibu, akalirudisha mezani bila kusema neno. Jioni nyumbani yale makopo yakaganda tena, lakini yakaganda kwa chengachenga kama sukari. Duka lisingeniambia hilo. Duka lingeniambia tu kwamba mzigo hauendi. Ndipo nilipobadilisha mchanganyiko ukawa huu wa gramu 20 za nta, na Juni hadi Agosti, upepo wa baridi unapovuma na midomo kupasuka, ninashusha hadi gramu 15 na kuongeza alizeti, kwa sababu kwenye baridi kopo la gramu 20 linakuwa gumu mtu anakwangua kwa kucha.

Sasa maduka. Hapa ndipo fedha nyingi za wenzangu zimelala, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bei yangu ya jumla ni 5,000. Duka linauza 7,000, linabaki na 2,000. Mimi ninabaki na 2,000 nikitoa gharama ya kutengeneza, na kama 200 ya kupeleka, inakuwa 1,800. Sina meza, sina siku nzima juani, mtu mwingine ananiuzia. Nilipopiga hesabu hiyo nilifurahi sana. Nikagawa makopo 60 kwenye maduka matano ya vipodozi, 12 kila duka, yote kwa mali kauli. Kwenye daftari nilikuwa tayari nimepata faida ya 108,000.

Baada ya miezi miwili nilizunguka kufunga hesabu. Makopo 35 yalikuwa yameuzwa na nimelipwa, 175,000. Makopo 14 yalirudishwa. Kati ya hayo, matano yalikuwa yamefunguliwa na kuchovywa vidole na wateja waliotaka kunusa, mengine lebo imepauka kwa kukaa dirishani. Matano hayo siwezi kumuuzia mtu. Yaliyobaki, 11, yameuzwa, ila fedha haipo. "Njoo mwisho wa mwezi." "Mwenye duka amesafiri." "Yule dada aliyepokea ameacha kazi." Sasa jumlisheni: 175,000 niliyopokea, na makopo tisa mazima yenye thamani ya 27,000 kwa gharama ya kutengeneza. Inakuja 202,000. Toeni 180,000 iliyotengeneza makopo 60, toeni 12,000 ya kupeleka. Imebaki 10,000. Miezi miwili, makopo 60, faida 10,000.

Na hata hiyo siyo hasara kubwa kuliko zote. Katika miezi hiyo miwili nilikosa fedha ya kununua nta. Nta yetu ya Singida na Tabora huwa nafuu inapovunwa, na mwenye fedha mkononi ndiye anayenunua. Mimi nilikuwa na fedha dirishani kwa watu watano.

Sikuyaacha maduka. Nilibadilisha masharti. Kwanza, ninaanza na makopo sita, si 12. Pili, ninatoa kopo moja la kujaribia, nimeliandika kabisa "LA KUJARIBIA", na gharama yake ni yangu. Kopo moja la 3,000 linayaokoa mengine. Tatu, ninapita kila baada ya wiki mbili siku ile ile, ninahesabu yaliyopo mbele ya muuzaji, yaliyopungua ninalipwa hapo hapo. Nne, na hili ndilo gumu kwa sisi tunaoona haya: siongezi mzigo mpya juu ya deni la zamani. Anayelipa taslimu anapata kwa 5,000. Anayetaka mali kauli anachukua kwa 5,500. Mwanzoni niliogopa watakataa. Wawili walikataa kweli. Watatu walibaki, na kati ya hao wawili wamehamia kwenye taslimu wenyewe ili kuipata ile 500.

Dalili ya duka baya ni rahisi kuiona ukizunguka mwenyewe. Kopo lako limehamishwa kutoka usawa wa macho likawekwa chini karibu na dawa za mbu. Muuzaji hakumbuki bei. Na ukiuliza yameuzwa mangapi, anakuambia "yanatoka toka". Duka zuri linakupigia simu kabla hujafika.

Jambo moja la haraka hapa, kwa sababu duka ndilo litakaloliuliza kwanza. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, si tena chini ya mamlaka ya chakula na dawa kama zamani. Mezani mteja anaweza asikuulize alama, lakini sheria haitofautishi meza na duka. Wadogo kama sisi tuanzie SIDO kwa barua ya utambulisho, halafu TBS. Na lebo iwe na jina la bidhaa, vilivyomo, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na mahali pa kukupata. Namba ya toleo isiwe pambo: siku duka likirudisha makopo yenye chengachenga, ndiyo itakayokuonyesha uliyapika lini na nta ya nani.

Njia ya tatu ni mtandaoni. Vijana waliokaa huku nyuma wananisubiri hapa, najua. Wanasema mtandaoni ni bure. Mimi nina daftari la mwezi mmoja, nitawasomea.

Niliuza makopo 40 kwa oda 31, kwa 7,000 kamili, nauli ya bodaboda juu ya mteja. Bando 20,000. Tangazo la kulipia 30,000. Oda tano zilikataliwa mlangoni: mtu hapokei simu, au anasema mume hajaacha fedha. Bodaboda hawezi kulipwa na mtu aliyezima simu, nimemlipa mimi, 3,000 kila safari, 15,000. Hiyo ni 65,000 kwa makopo 40, yaani 1,625 kwa kopo. Mfuko na karatasi ya kufungia, 500. Kwenye 7,000 toa 3,000 ya kutengeneza, toa 2,125. Imebaki 1,875. Si mbaya, karibu sawa na duka linalolipa.

Lakini mnadani niliihesabu siku yangu. Haki ni kuihesabu na hapa. Nilikuwa najibu simu saa moja na nusu kila siku: bei gani, mko wapi, inafaa kwa mtoto, nipunguzie, nitakujulisha. Kwa mwezi ni saa 45. Siku yangu ya saa kumi ni 15,000, basi saa ni 1,500. Saa 45 ni 67,500. Gawanya kwa makopo 40, ni karibu 1,690 kwa kopo. Ile 1,875 imebaki shilingi 190 hivi.

Nilikaa na daftari hilo jioni nzima. Kisha nikarudi kuusoma ujumbe mmoja mmoja, nikaona jambo. Mteja mpya alinichukua ujumbe 14, 15, na wengi hawakununua. Mteja aliyekwisha kulitumia kopo aliandika mawili: "Dada, mawili tena, Area C," na "Nimetuma." Kumbe simu ni dhaifu kwa kumpata mgeni, ila haina mpinzani kwa kumrudisha mwenyeji.

Nikabadilisha matumizi yake. Bei nimeiandika wazi kwenye kila picha. Ile tabia ya kumwambia mtu "njoo inboksi" nimeiacha, inakula muda wa wote wawili. Nauli ya kila eneo imeandikwa: Nzuguni, Kisasa, Mtumba, Chang'ombe. Mteja wa mara ya kwanza anatuma nauli kwanza kwa lipa namba, kopo analipa akipokea. Wa mikoani analipa yote kabla sijapeleka kifurushi kwenye basi pale stendi ya Nanenane, na picha ya risiti ya basi anatumiwa. Na chini ya kila kopo ninalouza mnadani kuna namba ya WhatsApp. Mwezi uliopita saa zangu zilishuka hadi 20, oda iliyokataliwa ikawa moja. Kwa makopo 40 yale yale, pamoja na tangazo na bando, kopo liliniachia 1,425 baada ya kujilipa muda wangu. Kutoka 190.

Nakuja kwa mawakala. Hawa ni dada na kaka wanaochukua makopo na kuyapeleka mahali ambapo mimi sifiki na duka halipo: maofisi ya Mtumba, hosteli za UDOM, saluni za mitaani. Wakala wangu anauza 7,000, kamisheni yake 1,500, anarudisha 5,500 kila Ijumaa. Nikitoa 3,000 ya kutengeneza, na 300 ya vijikopo vya kuonjesha na nauli yangu ya kukusanya, inabaki 2,200. Ndiyo njia inayoniachia zaidi kwa kopo, na fedha inarudi ndani ya wiki.

Basi kwa nini nisiwape yote? Kwa sababu ya mwezi wa tatu. Wakala mpya mwezi wa kwanza aliniuzia 30. Wa pili 18. Wa tatu tisa. Wengi huku tunasema amechoka, tunatafuta mwingine. Mimi nilimwuliza aliwauzia kina nani. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa shangazi, mabinti wa ofisi moja, watu wa kwaya. Walinunua kwa kumpenda yeye. Kopo langu humtosha mtu mmoja wiki tano hadi sita. Kama watu 30 wangelipenda, basi kuanzia hapo kila mwezi angeuza kama 20 kwa wale wale tu, bila kutafuta mtu mpya. Tisa ilinionyesha kwamba chini ya nusu wamerudi. Hapo tatizo si wakala. Nikawapigia simu wachache. Ilikuwa Julai, wakasema kopo gumu, halipakiki. Ndiyo ile nta niliyowaeleza. Namba za wakala, mkizisoma hivyo, zinawaambia habari za kopo kuliko habari za wakala.

Kuna hatari mbili kwa mawakala. Ya kwanza ni maneno. Wakala mmoja alikuwa anaandika kwenye stetasi yake kwamba mafuta yanaondoa makovu na kung'arisha ngozi kwa siku saba. Nilimwachisha siku hiyo hiyo. Mafuta yangu yanalainisha ngozi na kuzuia isikauke, basi. Nchi hii imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mtu akisikia "kung'arisha" anafikiria hivyo. Kosa la mdomo wa wakala linabandikwa kwenye lebo yangu. Sasa kila wakala ana karatasi ya mambo matano ya kusema, na anaisaini.

Hatari ya pili ni bei, na hii niliileta mimi mwenyewe. Msimu wa Nanenane, wakati wa maonyesho ya Nzuguni, niliweka ofa mtandaoni ya 5,500, nikafurahia oda. Siku ya tatu mama mmoja mwenye duka, mmoja wa wale wawili waliohamia kwenye taslimu, alinionyesha simu yake. Mteja alikuwa ameingia dukani, ameshika kopo la 7,000, akamwonyesha ofa yangu, akaliweka chini. Mama akasema, "Mwanangu, mimi nimekununulia kwa 5,000 nikaweka na kodi ya fremu. Wewe unanipiga kwa nyuma." Akanirudishia makopo yote. Alikuwa na haki. Ilinichukua miezi minne kuingia tena pale.

Tangu hapo bei iliyoandikwa ni moja kila mahali, 7,000. Sokoni na kwa wakala unaweza kupatana hadi 6,500, na dukani vilevile, na hakuna anayekwenda chini ya hapo, mimi nikiwa wa kwanza. Nikitaka kumpa mteja zawadi, ninampa kijikopo cha midomo. Fedha yangu ni ile ile inayotoka, ila bei ya mwenye duka haijaguswa.

Mmeniuliza mgawanyo wangu wa sasa. Ninatengeneza makopo 150 kwa mwezi, mtaji wa 450,000. Makopo 40 ni ya Jumamosi mbili za mnada. Huko ninawapata wageni na kuliona kopo likifunguliwa. Makopo 40 ni ya simu, karibu yote kwa wenyeji. Makopo 34 ni ya mawakala wawili, na ninawapa mzigo karibu na siku za mishahara, kwa sababu ofisini Mtumba tarehe kumi hauzi kitu. Makopo 36 yako madukani. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ninayoilinda: ni chini kidogo ya robo ya mzigo wote, na hata yote yasiporudi, mwezi ujao nta nitanunua. Siku maduka yote matatu yatakapokuwa ya taslimu, nitaipandisha. Kabla ya hapo, hapana.

Naona mkono. Mama wa Kibaigwa, karibu.

(Mama huyo alieleza kwamba anatengeneza sabuni ya mche ya alizeti, anaikata vipande vya gramu 100, kila kipande kinamgharimu 900 na anakiuza 1,500. Binti yake anamshauri auze mtandaoni na kutafuta mawakala.)

Mama yangu, ahsante. Kwako hesabu yangu haifai, na ni vizuri umeuliza kabla hujanifuata. Kipande chako kinakuachia 600. Bodaboda ya 3,000 ni bei ya vipande viwili, nani atailipa? Wakala ukimpa sehemu ya tano ni 300. Kwa 300 hatembei, atachukua mara moja kwa heshima yako na hatarudi. Bidhaa nzito ya bei ndogo haibebi mtu wa kuitembeza. Kwako duka ni la kwanza: dazeni kwa 1,200 kipande, taslimu, 300 mara 12 ni 3,600 kwa dazeni, na Kibaigwa mna madereva na vibarua wa soko la nafaka wanaonunua sabuni kila siku, hawaiweki dirishani miezi miwili. Binti aitumie simu kwa wenye maduka, siyo kwa mtu anayetaka kipande kimoja. Na meza, unalipa kiasi gani kwa siku?

(Akajibu kwamba meza anayo tayari, anauza nyanya, ushuru na mkokoteni humgharimu 12,000.)

Kama ingekuwa ya sabuni peke yake, ungehitaji vipande 20 kabla hujapata shilingi. Lakini nyanya zimekwisha kulipia meza. Sabuni inalipa ile nafasi tu inayokalia. Basi pima hivi kwa Jumamosi nne: sehemu ya meza uliyovipa vipande vya sabuni, ungepanga nyanya ungepata kiasi gani? Ikiwa sabuni inazidi, iache pale. Ikiwa nyanya zinazidi, rudisha nyanya, na sabuni yote ipeleke dukani kwa dazeni.